Picha ya asali kwa jua la jioni: Taja jua liko wapi, la sivyo programu itakuharibia rangi

UKIFUNGUA makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa asali siku hizi utakutana na picha zinazofanana: chupa imesimama juu ya gogo, nyuma yake jua linazama, na kila kitu kuanzia majani hadi kifuniko kimegeuka rangi ya chungwa. Nyingi ya picha hizo hazikupigwa na mtu. Zimetengenezwa kwa simu, kwa kutumia programu za akili mnemba kama ChatGPT na Gemini, ambazo hupokea picha ya kawaida ya bidhaa pamoja na maelekezo ya maneno, kisha huchora picha mpya.

Mfanyabiashara mmoja wa asali mjini Dodoma alinieleza jinsi picha ya namna hiyo ilivyomgharimu. Mnunuzi wa jumla aliagiza katoni kadhaa baada ya kuona picha, na mzigo ulipofika akaukataa. Katika simu asali ilionekana nyepesi kama chai ya rangi, lakini kwenye katoni ilikuwa kahawia iliyokolea. Asali ilikuwa nzuri na wala haikuchakachuliwa. Ila programu ilikuwa imeweka jua nyuma ya chupa, mwanga ukapenya, na asali ikapanda daraja kwenye picha tu.

Katika biashara ya asali rangi si suala la urembo. Katika soko la kimataifa asali hupimwa rangi kwa kipimo kiitwacho Pfund, kinachoanzia nyeupe kama maji hadi kahawia iliyokolea sana, na wanunuzi wengi wa nje hulipa zaidi kwa iliyo nyepesi. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida mara nyingi huwa upande wa kahawia. Kwa hiyo picha inayoifanya iwe nyepesi inamwahidi mnunuzi mzigo mwingine kabisa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandika maelekezo ili upate picha ya nje yenye jua la jioni, jua likiwa upande unaoutaka, vivuli vikiwa vya kweli na rangi ya bidhaa ikibaki ileile. Nitatumia chupa ya asali ya nusu kilo kama mfano, kwa sababu ni bidhaa inayosumbua kuliko zote. Anayeiweza asali hatashindwa na mfuko wa unga.

Niseme mapema kwamba kama unayo chupa, una jua, na una uwanja, piga picha yenyewe. Ni rahisi na haina maswali. Programu inasaidia pale ambapo ni masika na jua halijaonekana wiki nzima, au duka lako liko Kariakoo ambako jua la jioni linazibwa na maghorofa, au una bidhaa kumi na mwanga wenyewe unakaa muda mfupi.

Jua la jioni la kwetu

Wapiga picha huuita muda huo saa ya dhahabu. Ni wakati jua liko chini karibu na upeo wa macho, asubuhi linapochomoza na jioni linapokaribia kuzama. Mwanga wake husafiri safari ndefu zaidi ndani ya anga, na njiani rangi ya bluu hutawanywa kwa wingi, hivyo inayotufikia ina wekundu na unjano zaidi.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Kwa saa moja linateremka takriban nyuzi 15. Maana yake ni kwamba likibaki na nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, una saa moja tu kabla halijazama. Katika sehemu kubwa ya Tanzania hiyo ni takriban kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu jioni, kutegemea mahali na mwezi. Ulaya ya kaskazini jua huteremka kwa mshazari, na mwanga wa aina hiyo unaweza kudumu kwa muda mrefu zaidi.

Tofauti hiyo ina uzito katika maelekezo yako. Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi zilizokusanywa mtandaoni, na ukiandika `golden hour` peke yake bila kutaja mahali, mara nyingi hukuletea shamba la ngano lililoiva, majani ya rangi ya kutu ya kipupwe cha Ulaya, na jua kubwa jekundu katikati ya picha. Asali ya Sikonge inaonekana kama imevunwa Ufaransa. Ni lazima utaje mandhari yako: miti ya miombo, nyasi kavu, mizinga ya magogo, au ukuta wa udongo.

Jua liwe namba ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika "mwanga mzuri wa jioni" na kuiachia programu iamue jua liwe wapi. Programu haipigi hesabu ya jua na kivuli kama mtaalamu wa majengo. Inachora kinachofanana na picha ilizojifunza. Usipoiambia upande, itachanganya pande.

Njia ninayoitumia ni ya uso wa saa ya mshale. Chukulia unaitazama meza kutoka juu. Chupa iko katikati ya saa, nawe mpiga picha umesimama kwenye namba 6. Sasa jiulize jua liko kwenye namba ngapi. Kivuli kitaangukia namba iliyo mkabala nayo.

Jua likiwa namba 7 au 8, yaani nyuma yako kwa upande wa kushoto, linapiga uso wa chupa moja kwa moja. Lebo inasomeka vizuri na rangi ya bidhaa inakaribia ukweli, lakini kivuli kinakimbilia nyuma ya chupa na picha inakuwa bapa. Kwa pakiti ya unga, sabuni au majani ya chai, ambazo mwanga haupenyi, hapa au namba 9 panatosha.

Jua likiwa namba 9 au namba 3 liko ubavuni. Upande mmoja wa bidhaa unawaka na mwingine unakuwa gizani, na kila kijinundu kinatoa kivuli chake. Ni pazuri kwa vikapu, mchele uliomwagwa kwenye ungo, maharage na vitu vingine ambavyo mnunuzi anataka kuona chembe zake.

Jua likiwa namba 10 au 11, liko nyuma ya bidhaa kwa upande. Huu ndio mwanga unaopendwa kwa asali, juisi na mafuta ya alizeti, kwa kuwa unapenya na kuifanya bidhaa ing'ae kutoka ndani. Una madhara mawili. La kwanza nimeshalitaja, kwamba rangi inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. La pili ni kwamba lebo inayokutazama iko upande wa giza, kwa hiyo haisomeki. Wapiga picha hulitatua hili la pili kwa kushika karatasi nyeupe mbele ya chupa, nje ya picha, ili irudishe mwanga kwenye lebo. Programu inaelewa ukiiambia hivyohivyo.

Namba za saa ni za kukusaidia wewe kupanga. Unapoandika maelekezo, tumia maneno ya kawaida, na useme "upande wa kushoto wa picha", kwa sababu ukisema "kushoto" tu, programu inaweza kuchukulia ni kushoto kwa chupa. Kisha taja na kivuli kiangukie wapi. Inaonekana ni kusema jambo lilelile mara mbili, lakini ukitaja jua bila kivuli, kivuli kinaweza kwenda kokote.

Urefu wa kivuli

Kivuli ndicho kinachomwambia mtazamaji ni saa ngapi, hata kama hajui kwamba anakisoma. Jua likiwa nyuzi 45, kivuli kinalingana na urefu wa kitu. Likishuka hadi nyuzi 30, kivuli kinakuwa mara 1.7. Kwenye nyuzi 15 kinafika karibu mara 3.7, na kwenye nyuzi 10 ni zaidi ya mara tano na nusu.

Chupa yetu ya asali ina urefu wa sentimita 12. Kwa jua la nyuzi 15, kivuli chake ni kama sentimita 45. Ukitaka jua la nyuzi 10 kivuli kitakuwa karibu sentimita 68, na kwa meza ya kawaida kitaanguka ukingoni au kitatoka nje ya picha. Kwa hiyo ninapendekeza mara tatu hadi nne ya urefu wa chupa. Picha yenye anga jekundu la machweo na kivuli kifupi kama cha saa sita mchana inajisema yenyewe kuwa ni ya bandia, na mnunuzi akishahisi ubandia kwenye kivuli anaanza kuutafuta na kwenye asali.

Kuna mambo mengine mawili ya kivuli cha kweli. Pale chupa inapogusa meza pana mstari mwembamba mweusi kabisa, na usipokuwepo chupa inaonekana inaelea. Pia ukingo wa kivuli ni mkali karibu na chupa na hulainika kidogo kuelekea nchani. Kwa chupa yetu ulaini huo wa kingo za pembeni karibu na ncha ni kama milimita nne tu. Programu nyingi hupenda kuchora kivuli kilicholainika chote kama moshi, ambacho ni kivuli cha siku ya mawingu, si cha jua.

Kwa asali kuna la ziada ambalo mara nyingi programu huliacha usipolitaja. Kivuli cha chupa ya asali si cheusi chote. Kifuniko kinatoa kivuli kizito, lakini sehemu ya asali inapitisha mwanga, na kwa kuwa chupa ya mviringo inakusanya mwanga kama lenzi, katikati ya kivuli panakuwa na mchirizi wa rangi ya kahawia inayong'aa. Weka chupa yako uani leo saa 11 na nusu jioni, kama hakuna mawingu, utauona.

Joto la rangi lenye mipaka

Neno "joto" kwenye rangi humaanisha unjano na wekundu. Mwanga wa jioni una joto, lakini haupaki kila kitu. Sehemu iliyopigwa na jua ndiyo yenye joto. Sehemu iliyo kivulini haipati jua, inapata mwanga wa anga, na anga ni la bluu. Kwa hiyo kivuli cha jioni kina ubluu kidogo. Tofauti hiyo kati ya joto na ubaridi ndiyo inayofanya picha ya jioni ivutie.

Programu ikiambiwa "rangi za joto" humwaga unjano juu ya picha nzima, kama mtu aliyefunika kioo kwa karatasi ya peremende. Dawa yake ni kutaja mahali pa joto na mahali pasipo nalo. Kipimo ni lebo nyeupe: upande unaoguswa na jua uwe na ukrimu kidogo, upande wa kivulini uwe kijivu chenye ubluu. Ukikuta pande zote mbili ni njano, rangi ya asali nayo imeharibiwa, hata kama macho yako yanaipenda.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Anza na picha halisi. Usiiombe programu ikuchoree chupa ya asali kutoka hewani, kwa sababu itachora chupa ya mtu mwingine. Futa lenzi ya simu, weka chupa kibarazani mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, nyuma yake weka karatasi nyeupe, na ushushe simu hadi ilingane na katikati ya chupa. Chupa ijaze nusu ya picha. Usipige kwa jua la mchana, kwa kuwa mng'ao wa jua la utosini utabaki juu ya kifuniko hata baada ya programu kuchora machweo nyuma yake. Epuka pia dirisha kubwa lililo pembeni, maana huacha mstari mweupe kwenye kioo cha chupa, na mstari huo ukiwa kulia huku jua umeliagiza kushoto, picha inajipinga yenyewe.

Asali iliyoganda piga hivyohivyo ilivyoganda, na useme kwenye maelekezo kwamba imeganda na haipitishi mwanga. Usiposema, programu itakuyeyushia.

Maelekezo unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Programu nilizozitaja zinakielewa, ingawa neno moja moja la upigaji picha kama `backlit`, yaani jua likiwa nyuma ya kitu, linashika zaidi kwa Kiingereza. Haya ndiyo maelekezo niliyoyatumia kwa chupa ya nusu kilo, jua likiwa namba 10:

```
Tumia picha hii. Usibadilishe umbo la chupa,
kifuniko, lebo wala maandishi.
Chupa iko nje juu ya meza ya mbao. Nyuma, mbali,
kuna miti ya miombo na nyasi kavu.
Jua liko chini, nyuma ya chupa, upande wa kushoto
wa picha (backlit). Jua lenyewe lisionekane.
Kivuli kinakuja mbele kuelekea kulia kwa picha,
urefu mara 3 hadi 4 ya chupa, ukingo mkali,
na mchirizi wa mwanga wa kahawia katikati.
Vivuli vyote vielekee upande huohuo.
Joto la rangi ni pale jua linapogusa tu; kivulini
kuna ubluu kidogo. Lebo ibaki nyeupe, ipate mwanga
uliorudishwa na karatasi nyeupe mbele.
Rangi ya asali ibaki kama ilivyo kwenye picha.
```

Agizo la kuficha jua lina sababu mbili. Jua likiingia ndani ya picha programu huongeza miale na madoa ya mwanga yanayofunika bidhaa. Vilevile mnunuzi huangalia jua badala ya chupa.

Picha ya kwanza ilitoka na kasoro tatu. Kivuli cha chupa kilikwenda sawasawa mbele na kulia, lakini kivuli cha kijiti kilichokuwa juu ya meza kilielekea kushoto. Asali ilikuwa imekuwa nyepesi. Na kwenye lebo, neno lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la bidhaa lilikuwa limegeuka michoro inayofanana na herufi.

Katika hatua hii usiandike malalamiko yote kwa pamoja. Sahihisha jambo moja kila mara. Nilianza na lile lenye fedha ndani yake:

```
Badilisha kitu kimoja tu: asali iwe kahawia
iliyokolea kama kwenye picha ya kwanza niliyotuma.
Mwanga ung'ae kwenye kingo za chupa tu.
```

Hilo la kingo ndilo siri ya asali nyeusi. Katika maisha halisi, asali iliyokolea ikiwekwa mbele ya jua hung'aa pembeni, ambako mwanga unapita sehemu nyembamba, na katikati hubaki na giza. Ukiagiza hivyo unapata uzuri wa jua la jioni bila kuipandisha asali daraja.

Kijiti niliomba kiondolewe, maana kukiondoa ni rahisi kuliko kukielekeza. Kuhusu lebo, ninashauri usihangaike. Kila ukiagiza badiliko, programu huchora picha nzima upya, na maandishi madogo huzidi kuharibika. Ukishafika badiliko la tatu au la nne bila kuridhika, rudi kwenye picha halisi uanze upya na maelekezo yaliyoboreshwa. Lebo ikiendelea kugoma, kata lebo kutoka kwenye picha halisi na uibandike juu kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha. Kazi hiyo hata kijana wa stesheni ya picha mtaani anaimudu.

Kukagua kabla ya kutuma

Mwaka 2022 Profesa Hany Farid wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza picha za programu ya DALL-E 2 na kuonyesha kwamba vivuli vya vitu mbalimbali katika picha moja mara nyingi havipatani. Programu za sasa ni bora kuliko ile, lakini kipimo chake bado kinafaa, na kinahitaji rula tu.

Fungua picha kwenye simu. Weka rula ianzie kwenye ncha ya kivuli cha chupa na ipite kwenye kilele cha chupa yenyewe, kisha uangalie inaelekea wapi. Fanya hivyo kwa kitu kingine chochote chenye kivuli, mfano kijiko au ua. Jua likiwa nyuma ya bidhaa, mistari yote inapaswa kukutana mahali pamoja, pale jua lilipo, hata kama ni nje ya picha. Isipokutana mahali pamoja, una majua mawili.

Kwa rangi, chukua chupa halisi, iweke mbele ya karatasi nyeupe kibarazani kama ulivyoipiga, na uishike simu pembeni yake. Kabla ya hapo zima kwenye simu ile hali ya usiku inayofanya kioo kuwa cha njano, kwa sababu itakudanganya. Linganisha katikati ya chupa, si kingo. Kama hujiamini, mwite mtu ambaye hajaona picha umuulize ni asali ileile au la.

Lebo isome neno kwa neno: jina, uzito, tarehe, namba ya simu. Angalia hasa kama programu haijakuongezea nembo ambayo huna. Alama ya ubora ya TBS haitumiki bila leseni ya shirika hilo, na kujitetea kwamba imechorwa na programu hakutakusaidia. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa taarifa za kupotosha kuhusu bidhaa anayoiuza. Uzito nao una ujanja wake: ukiweka chupa ya nusu kilo pembeni ya kijiko kilichochorwa kidogo mno, inaonekana ni ya kilo nzima. Agiza vitu vya pembeni viwe vichache, au visiwepo.

Kwa wateja wa jumla, ambao wananunua kwa katoni bila kuona mzigo, ninashauri utume picha mbili kwa pamoja. Moja ni hii ya jua la jioni, na nyingine ni ile halisi uliyopiga kibarazani mbele ya karatasi nyeupe, pamoja na maneno mafupi kama haya: "Ya kwanza imetengenezwa kwa programu, ya pili ndiyo rangi ya asali." Yule mfanyabiashara wa Dodoma sasa ndivyo anavyofanya, na kwenye picha ya pili huandika kwa kalamu juu ya karatasi tarehe aliyoipiga na namba ya pipa asali ilikotoka.